Ratiba ya kundi la watu watano wenye MB 250 kwa wiki

*"Mwalimu, tuko watano, tunarudia hesabu za kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mimi nauza dukani Mwanjelwa hapa Mbeya, wengine wako Tukuyu kwenye chai, Mafinga kwenye mbao, Ubaruku kwenye mashine ya mpunga, na mmoja yuko Makete, yeye hupata mtandao akipanda kilimani au Alhamisi akienda gulioni. Kila mtu anamudu kama MB 250 kwa wiki. Tumepanga tukutane WhatsApp kila siku saa 3 usiku lakini hatujawahi kutimia wote. Tupange vipi?"*

Mdogo wangu, saa 3 usiku kila siku iacheni leo hii. Nimefundisha watahiniwa wa kujitegemea hapa Mbeya kwa miaka kadhaa, na kundi langu la kwanza la mbali nililipangia hivyo hivyo. Wiki ya tatu nilikaa na saa mkononi nikaandika dakika zinakokwenda. Katika saa nzima, dakika zaidi ya ishirini zilikuwa za "unanisikia?", "subiri fulani anarudi" na "tulikuwa wapi?". Hesabu tuliyomaliza usiku ule ni moja. Watoto walikuwa wamenunua bando kwa hela ya nauli ili wasikilizane wakiulizana kama wanasikika.

Kinachowashinda ni kwamba mmetengeneza ratiba ya kukutana, na kukutana ndicho kitu ghali kuliko vyote mlivyo navyo. Kinahitaji mambo matano yatokee kwa watu watano kwa dakika ileile: mtandao, chaji, bando, nafasi ya kutoka kazini, na akili ambayo haijachoka. Kukokotoa hesabu kunahitaji peni, karatasi na meza. Kwa hiyo ratiba yenu iwe ya posta: siku ya kutuma, siku ya kupokea, siku ya kusahihisha, halafu simu moja fupi kwa wiki kwa yale tu yaliyoshindikana kwenye karatasi.

Anzeni hivi. Kila mmoja achukue karatasi aandike siku saba zilizopita, na kwa kila siku aandike saa alizokuwa na mtandao, saa alizokuwa na chaji, na saa ambazo hakuwa kazini. Nasema zilizopita kwa makusudi. Mtu ukimwuliza "unaweza lini?" atakujibu kwa matumaini, ila ukimwuliza "juzi saa 2 usiku ulikuwa wapi?" atakwambia alikuwa amelala na viatu kwa uchovu wa kuchuma chai. Mkiziweka karatasi tano pamoja, sitashangaa mkikuta nafasi moja tu ya wote kwa wiki. Nitachukulia ni Jumapili saa 10 jioni: ibada zimekwisha, kiwanda cha mbao kimefungwa, wewe unaweza kumwachia mtu duka, na wa Makete anaweza kupanda kilimani kukiwa bado na mwanga wa kushukia.

Hapo kuna jambo dogo ambalo limewahi kuvuruga kundi zima. Andikeni saa kwa namna moja. Mmoja akiandika "tukutane saa 4" akiwa anaisoma kwenye simu yake, na mwingine akaielewa kwa Kiswahili, mmoja atakaa kilimani peke yake. Andikeni "saa 10 jioni (16:00)", yote mawili, kila mara.

Sasa siku za posta. Pangeni kwa kumfuata mwenye shida kuliko wote, ambaye ni wa Makete. Yeye anashika mtandao mara mbili: Alhamisi gulioni na Jumapili kilimani. Mzunguko wenu wote lazima utoshe kwenye miguso hiyo miwili. Wengi hapa hukosea kwa kusema "wote tutume Alhamisi jioni", kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya rafiki yao. Lakini ikifika jioni yeye ameshatoka gulioni na mzigo wake, kwa hiyo kazi zenu atazikuta Jumapili, saa ileile ya simu, bila kuwa amesoma chochote. Atanyamaza simu nzima, nanyi mtadhani hajui. Kwa hiyo nyinyi wanne mtume Jumatano, mwisho saa 4 usiku. Yeye Alhamisi anatuma ya kwake na kuchukua za kwenu nne kwa mkupuo mmoja. Ijumaa na Jumamosi anazisoma nyumbani bila mtandao, na Jumapili saa 9 na nusu anapanda, anatuma masahihisho yake, kisha anasubiri simu.

Wiki inakuwa hivi. Jumapili simu ikiisha, mtu mmoja wa zamu anapiga picha maswali matano ya wiki na kuyatuma palepale, kabla wa Makete hajashuka. Matano yanatosha, nilijaribu kumi na yakawa yanarudi nusu. Kuanzia Jumatatu kila mtu anayafanya yote peke yake kwenye kaunta buku, bila kuwasha data, na pembeni mwa kila swali anaandika dakika alizotumia. Kila swali pia lina mwenyewe mmoja: ndiye atakayeandika jibu kamili, hatua kwa hatua, na kulipiga picha. Umiliki uzunguke, na asipewe mtu mada anayoipenda, maana atawafanyia wenzake kazi na wenzake watafurahi.

Jumatano kila mtu anatuma vitu viwili. Cha kwanza ni mstari mmoja wa maandishi wenye majibu ya mwisho tu, kwa mfano:

```
W3 TUKUYU: S1=4/9  S2=5024  S3=x=7  S4=sijui  S5=18
```

Cha pili ni picha ya swali lake analolimiliki, ikiwa na maelezo ya kuchapa `W3 S2 JIBU`. Maelezo hayo yachapeni, msiyaandike kwenye karatasi peke yake, kwa sababu mwezi wa kumi mkitafuta swali hilo ndani ya grupu, simu inatafuta maneno yaliyochapwa. Mstari wa majibu hauli MB za kuhesabika, na bando likiisha unaweza kwenda kwa SMS ya kawaida. Ukiyapanga majibu ya watu watano, mstari mmoja chini ya mwingine, unaona mara moja wapi mnakubaliana na wapi mnapishana. Yale mnayopishana ndiyo ajenda ya Jumapili.

Kusahihisha kuende kwa duara, mtu mmoja kwa mtu mmoja: Makete amsahihishe Mbeya, Mbeya amsahihishe Tukuyu, Tukuyu amsahihishe Mafinga, Mafinga amsahihishe Ubaruku, na Ubaruku amsahihishe Makete. Duara hili sikulipanga kwa bahati. Kazi ya Makete inafika Alhamisi, siku moja nyuma ya wengine, kwa hiyo apewe mwenye mtandao wa uhakika. Msahihishaji anatumia peni nyekundu kwenye daftari lake, kisha anatuma ujumbe mmoja wa sauti usiozidi dakika mbili, akitaja hatua ambayo kosa limeanzia. "Umekosa" haitoshi, na "uko vizuri" haitoshi.

Nikuonyeshe swali moja linavyopita kwenye mzunguko huu, kwa sababu mada ya dunia kama tufe ndiyo niliyoona ikiliza watu wengi. Swali: miji miwili iko kwenye latitudo 60° Kusini, mmoja longitudo 20° Mashariki, mwingine 65° Mashariki. Tafuta umbali kati yake kwa kufuata mstari wa latitudo, ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa km 6400 na π kuwa 3.14. Tuseme Jumatano majibu yamekuja: Tukuyu 5024, Mafinga 5024, Ubaruku 2512, Mbeya 5024, na Makete, Alhamisi, 2512. Hapo watu hupiga kura bila kujijua: watatu kwa wawili, basi ni 5024. Mkifanya hivyo mtakuwa mmekubaliana kukosa.

Mwenye swali ni Tukuyu, na picha yake inaonyesha hatua hizi: tofauti ya longitudo ni 65 kutoa 20, yaani 45. Kisha 2 × 3.14 × 6400 ni 40192. Kisha 45/360 ni moja ya nane, na moja ya nane ya 40192 ni 5024. Kila mstari peke yake uko sahihi, ndiyo maana watatu hawakuona kitu. Wewe ndiye msahihishaji wake, na wewe pia ulipata 5024, ila kazi yako sasa ni kueleza kwa nini wengine wawili wamepata nusu kamili ya jibu lenu. Nusu kamili ni dalili. Ukichora duara la dunia na kukata latitudo ya 60, unaona mduara ule ni mdogo kuliko wa Ikweta. Ukubwa wake ni ule wa Ikweta mara cos 60°, na cos 60° ni nusu. Tukuyu alipima umbali kana kwamba miji iko kwenye Ikweta. Mstari uliokosekana ni huu:

```
distance = (45/360) × 2 × 3.14 × 6400 × cos 60° = 2512 km
```

Ujumbe wako wa sauti ungekuwa: "Hatua ya pili tumetumia mduara wa Ikweta, latitudo ni 60, zidisha kwa cos 60. Hata mimi nilikosa hapohapo." Sekunde kumi na tano. Jumapili swali hili halihitaji tena kufundishwa. Linahitaji dakika mbili za mmoja wenu kuuliza: je, kama mji wa kwanza ungekuwa 20° Magharibi? Hapo angalieni nani anatoa na nani anajumlisha. Tofauti inakuwa 85, na anayesema 45 bado hajaelewa mstari wa sifuri unapita wapi.

Karatasi iandikwe kwa Kiingereza kama mtihani utakavyotaka, lakini sauti iwe ya Kiswahili. Nimeona watu wanaoeleza kwa Kiingereza cha kukariri wakifika mwisho bila kugundua kuwa hawaelewi wanachosema.

Sasa bando. Kwenye makadirio yangu huwa nahesabu simu ya sauti ya WhatsApp kuwa MB 1 kwa dakika. Mara nyingi inakula pungufu, na mimi napenda ibaki kuliko ikatike. Simu ya dakika 40 ni MB 40. Picha ya ukurasa ikitumwa kawaida, bila kuchagua HD, haifiki nusu MB. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili nao ni kama nusu MB. Kwa wiki kila mtu anatuma au kupokea picha za majibu tano, za maswali mbili au tatu, na sauti tano, kwa hiyo MB 10 zinatosha kwa hayo yote. Jumla ni kama MB 50, nawe unabaki na MB 200 za maisha yako. Simu ya video inakula takriban MB 5 kwa dakika, na mtandao ukiwa mzuri inakula zaidi. Saa moja tu ya video ni MB 300, tayari bando la wiki limekwisha, na mlichoona ni nyuso zilizoganda. Video msitumie hata mara moja.

Msiniamini kwa maneno, pimeni. Kwenye WhatsApp ingieni `Settings`, kisha `Storage and data`, kisha `Network usage`, na chini kabisa bonyezeni `Reset statistics` siku ya Jumapili. Jumapili inayofuata kila mtu asome kilichotumika. Hapohapo kwenye `Storage and data` washeni `Use less data for calls`, na kwenye `Media auto-download` zimeni picha na video kwa data ya simu. Wengi MB zao huliwa na video za salamu kutoka makundi ya harusi na ya ukoo, na masomo yanalaumiwa bure.

Lakini kuzima huko kuna mtego, na utamnasa wa Makete. Picha ikizimwa kujishusha yenyewe, inabaki na ukungu mpaka uibonyeze. Nilikuwa na binti mmoja alipanda kilimani, akaona picha nne zimeingia, akashuka. Usiku alipofungua daftari, picha zote zilikuwa na ukungu na kale kamshale ka kushusha, na mtandao uko nusu saa juu ya mlima kwenye baridi. Kwa hiyo yeye, kabla ya kuondoka gulioni, azifungue zote nne moja moja na kuzikuza mpaka asome mstari wa mwisho. Ujumbe wa sauti hujishusha wenyewe, huo hauna shida. Na kutuma pia anaweza kuandaa nyumbani bila mtandao: ujumbe unakaa na alama ya saa, ukishika mnara unaondoka. Kwenye grupu, tiki mbili hutokea pale tu ujumbe umeshafika kwa wote, kwa hiyo Alhamisi mchana tazameni picha zenu. Kama bado ni tiki moja, mpigieni Makete simu ya kawaida kabla hajatoka gulioni.

Picha zenyewe pigeni mchana karibu na dirisha, ukurasa mmoja kwa picha moja, kwa peni ya bluu au nyeusi. Penseli chini ya taa ya kandili haisomeki, na kurudia kutuma ndiko kunakokula bando.

Simu ya Jumapili iwe dakika 40 na isimamiwe na mtu mmoja mwenye saa. Maswali matatu kwa kiwango cha juu, yale mliyopishana. Anayeanza kueleza ni aliyekosa, si aliyepata. Nikisikia kundi ambalo mtu mmoja ameeleza wiki tatu mfululizo, najua limekuwa darasa la mtu mmoja, na yule anayeeleza ndiye pekee anayepanda kiwango. Dakika tano za mwisho zirudieni swali la wiki tatu nyuma: msimamizi analisoma, kila mtu anaandika hatua ya kwanza tu kwenye karatasi, kisha anaisoma. Anayeshindwa kuanza, swali hilo linarudi kwenye kaunta buku yake wiki hiyo.

Kila wiki ya nne msiwe na maswali mapya. Jumamosi, kila mtu alipo, fanyeni mtihani uliopita mzima kwa saa tatu. Karatasi ya hesabu ina maswali 14: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Dakika 180 kwa alama 100 maana yake swali la alama 6 lisizidi dakika 10, na la alama 10 lisizidi 16. Zinabaki kama 16 za kurudia. Ndiyo maana nilisema muandike dakika pembeni kila siku. Mtu anayepata kila swali lakini kwa dakika 20 ana tatizo ambalo majibu sahihi hayalionyeshi. Matokeo ya mtihani huo tumeni kwa mstari mmoja wa maandishi, na Jumapili zungumzeni swali moja tu ambalo wengi wamelikimbia.

Mpango huu una mpaka wake. Mwenzenu akituma "sijui" kwa maswali matatu kati ya matano wiki mbili zinazofuatana, ujumbe wa sauti hautamwokoa. Anahitaji mtu wa kukaa naye meza moja, mwalimu wa shule ya kata iliyo karibu au aliyemaliza kidato cha sita pale kijijini, kwa wiki mbili au tatu za kurudia sehemu na milinganyo ya kidato cha kwanza. Mwambieni mapema na kwa upole, na asitoke kwenye grupu. Na kama mnataka kuonana ana kwa ana mara moja kabla ya mwezi wa kumi na moja, chagueni Makambako: Mafinga na Ubaruku wanafika bila kuzunguka, Makete anapitia Njombe, nawe na Tukuyu ndio mtakaobeba nauli ndefu. Siku hiyo fanyeni michoro, mageuzo na programu mstari, yaani zile mada ambazo mkono unahitaji kuonekana ukichora, na kila mtu aje na rula na karatasi ya grafu.

Wiki ya kwanza msiguse mada mpya. Chukueni maswali matano rahisi ambayo wote mnayaweza, mpitishe mzunguko mzima, Jumatano hadi Jumapili, mkiangalia tiki zinafika lini na `Network usage` inasoma ngapi. Mkikuta Makete amepokea zote nne na simu imekwisha ndani ya dakika 40, nitumie karatasi zenu tano za saa niziangalie kabla hamjaanza wiki ya pili.